Kumtoa Mwimbaji Ndani ya Wimbo

Daisuke Inoue, mpiga ala wa mjini Kobe, Japani, alipounda mashine yake ya karaoke mwaka 1971, hakumtoa mwimbaji ndani ya wimbo wowote. Yeye na wenzake walizipiga upya nyimbo zilizopendwa, safari hii bila mtu kuimba, wakaziweka kwenye kanda. Karaoke nyingi zinazouzwa hadi leo hutengenezwa kwa njia hiyo hiyo: mtu hulipwa, akakaa studio, akaupiga wimbo mzima tangu mwanzo. Ndiyo maana katika kumbi za karaoke za Dar es Salaam au Nairobi utakuta nyimbo za Kimarekani zimejaa tele, lakini ukiomba wimbo wa dansi wa miaka ya 1970, au taarabu aliyokuwa akiipenda bibi yako, mwenye mashine atatikisa kichwa. Hakuna aliyelipwa kuupiga upya wimbo huo.

Anayetaka kufanya mazoezi ya wimbo wa namna hiyo hubaki na rekodi yenyewe, na humo ndani mwimbaji yumo. Siku hizi zipo programu za kumtoa, nyingine za bure, nyingine ndani ya simu. Kuna anayezitumia akapata biti safi kiasi kwamba hakuamini, na kuna aliyeweka wimbo wake humo akatoka na kitu kinachochuruzika majimaji, mwimbaji bado anasikika kwa mbali na gita limekatikakatika. Wote wawili huenda walitumia programu moja. Kilichowatofautisha ni jinsi nyimbo zao zilivyorekodiwa, na jambo hilo mtu anaweza kulijua kwa kusikiliza kabla hajapoteza jioni yake.

Tuanze na njia ya zamani, kwa sababu ni rahisi kuielewa na inaonyesha shida yote ilipo. Wimbo wa stereo una chaneli mbili, moja ya spika ya kushoto na nyingine ya kulia. Fundi mitambo anapochanganya wimbo huamua kila ala ikae wapi: gita hili livutwe kushoto, kinanda kivutwe kulia. Mwimbaji mkuu karibu kila mara huwekwa katikati, maana yake sauti yake hupelekwa kwa kiasi kile kile katika chaneli zote mbili. Ukivaa hedifoni utamsikia kama yuko katikati ya kichwa chako.

Sasa chukua nukta moja ndogo ya muda ndani ya wimbo huo. Tuseme kwa nukta hiyo sauti ya mwimbaji ina ukubwa wa 6 kila upande, gita lina 3 kushoto tu, na kinanda kina 2 kulia tu. Chaneli ya kushoto itakuwa na 9, ya kulia 8. Toa ya kulia katika ya kushoto: unabaki na 1. Hiyo 1 ni 3 ya gita ukiondoa 2 ya kinanda. Zile 6 za mwimbaji zimefutana zenyewe, na haikuhitajika akili yoyote ya kumtambua. Fanya hivyo kwa kila nukta ya wimbo na mwimbaji ametoweka. Katika programu ya bure ya Audacity hatua ni tatu: `Split Stereo to Mono` ili kuzitenga chaneli mbili, `Invert` juu ya mojawapo ili mawimbi yake yageuke juu chini, kisha `Mix and Render` ili zijumlishwe. Kujumlisha kitu kilichogeuzwa ni sawa na kukitoa.

Lakini hesabu hiyo haijui mwimbaji ni nani. Inafuta kila kilichokaa katikati, na katikati hakai mwimbaji peke yake. Mafundi huweka hapo gita la besi na ngoma kubwa ya dramu pia, kwa sababu sauti nzito hutaka nguvu ya spika zote mbili. Kwa hiyo ukimtoa mwimbaji kwa kutoa, wimbo hupoteza miguu yake: besi imekwenda, ngoma kubwa imekwenda, umebaki na magita yanayoelea na matoazi. Na huku umepoteza hivyo, mwangwi wa mwimbaji bado upo. Mwangwi wa studio kwa kawaida husambazwa kushoto na kulia kwa namna tofauti ili wimbo uonekane mpana, na kwa kuwa pande mbili hazifanani, hesabu haiwezi kuufuta. Utasikia kivuli cha mwimbaji kikiimba wimbo wote kutoka chumba cha pili.

Kisha kuna rekodi ambazo njia hii haizigusi kabisa. Rekodi ya mono ina chaneli moja tu. Hata ikiwekwa kwenye faili la stereo, kushoto na kulia ni nakala ya kitu kimoja, na ukizitoa unapata ukimya mtupu. Hiki ni kipimo kizuri cha haraka. Ukifanya hatua zile tatu ukapata ukimya, au mvumo wa kanda pekee, ujue unashughulika na mono. Rekodi nyingi za dansi zilizofanywa Redio Tanzania Dar es Salaam zitakupa jibu hilo, na za taarabu ya kale ndiyo usiseme. Siti binti Saad na wenzake walipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za kampuni ya HMV, sauti yake na ala zote viliingia katika mfereji mmoja. Hakuna kushoto wala kulia katika sahani hizo. Hakuna cha kutoa katika cha.

Hapo ndipo kizazi kipya cha programu kilipoleta jambo jipya kweli. Mwezi Novemba 2019 kampuni ya muziki ya Deezer ya Ufaransa ilitoa bure programu iitwayo Spleeter. Watafiti wa Facebook nao wakatoa Demucs, ambayo baadaye iliboreshwa. Nyingi kati ya zile unazozikuta kwenye simu au tovuti zimejengwa juu ya kazi za namna hii. Hizi hazitegemei kushoto na kulia. Zimefunzwa kuisikia sauti ya mtu.

Mafunzo yenyewe yalikwenda hivi. Watafiti walikusanya nyimbo ambazo studio ilikuwa bado imetunza kila kitu peke yake: sauti faili lake, dramu faili lake, besi lake, na vilivyobaki lake. Mkusanyiko unaotumiwa zaidi, uitwao MUSDB18, una nyimbo 150 zenye jumla ya saa kama kumi hivi. 100 za kufunzia na 50 za kupimia. Programu hupewa mchanganyiko, ikakisia sauti ni ipi, kisha kisio lake likalinganishwa na faili halisi la sauti. Ikikosea, hesabu zake za ndani husogezwa kidogo. Hurudiwa mara nyingi mno, mpaka kisio liwe karibu na ukweli.

Na kukisia huko hufanyika katika vipande vidogo sana. Chukua Spleeter. Huukata wimbo katika vipande vya muda, kila kimoja chini kidogo ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, na kila kipande hukipanga kwa ngazi za sauti, kuanzia nzito kabisa hadi nyembamba kabisa. Unapata kitu kama daftari la mirabamraba: kushuka na kupanda ni uzito wa sauti, kwenda kulia ni muda. Kwa kila mraba programu hujiuliza swali moja: nguvu iliyomo humu, ni kiasi gani cha mwimbaji? Ikisema asilimia 80, basi 80 huenda kwenye faili la sauti na 20 kwenye faili la muziki. Demucs inafanya kazi pia juu ya wimbi lenyewe, si juu ya mirabamraba pekee, lakini hata yenye inakisia.

Nalisisitiza hilo kwa sababu matangazo ya programu hizi huzungumza kana kwamba ndani ya rekodi sauti na muziki vimekaa kwenye makabati mawili, na programu inafungua moja tu. Wimbo uliokwisha kuchanganywa ni chai iliyokwisha kutiwa maziwa. Kila tone lina vyote viwili, na kinachotolewa kwako ni makadirio mazuri ya jinsi maziwa yalivyokuwa kabla. Pale ambapo makadirio ni rahisi, matokeo hushangaza. Pale ambapo hata sikio la binadamu lingesita, programu nayo husita, na kusita kwake ndiko unakokusikia kama majimaji.

Ni wapi basi panapositisha? Sehemu ya kwanza ni taarabu, na inafaa tukae hapo, maana ndiyo inayowavunja moyo wasomaji wa Kiswahili na ndiyo isiyoelezwa katika maelekezo ya programu hizo.

Sauti ya mtu akiimba noti moja haina mtetemo mmoja. Akiimba noti ya mitetemo 220 kwa sekunde, koo lake hutoa pia 440, 660, 880, 1,100 na kuendelea juu, kila moja ni mara mbili, mara tatu, mara nne ya ile ya chini. Ndizo zinazoipa sauti rangi yake. Fidla nayo iko hivyo. Sasa, katika taarabu ya kiasili fidla haikai nyuma ikishika makodi huku mwimbaji akienda zake. Inafuata lahani ya mwimbaji mwenyewe, noti kwa noti, wakati mwingine kwa noti ile ile, wakati mwingine hatua nane juu yake. Ikipiga hatua nane juu, yaani 440, mitetemo yake ni 440, 880, 1,320, 1,760. Tazama vizuri: kila mtetemo wa fidla umeangukia juu ya mtetemo ambao mwimbaji tayari anao. Hakuna hata mraba mmoja ulio wa fidla peke yake. Programu inatazama mraba wa 880 na kuona nguvu, lakini hakuna chochote katika mraba huo kinachosema nguvu ni ya nani.

Inabaki na dalili nyingine: jinsi noti inavyoanza, jinsi inavyotikisika, konsonanti zinazopita katikati. Binadamu hutumia dalili hizo pia. Lakini mwimbaji wa taarabu hutikisa sauti na kuitelezesha, na mpiga fidla mzuri humwiga anavyoitelezesha, kwani huo ndio ufundi wenyewe. Kilichopendeza kwenye wimbo ndicho kinachoichanganya programu. Matokeo yake huyatambua mara moja: fidla inasikika vizuri wakati wa vipande vya ala tupu, mwimbaji akianza tu inafifia au inakatika, akinyamaza inarudi. Zaidi ya hapo, zile nyimbo za MUSDB18 nyingi ni pop na rock za Magharibi. Kanuni na udi havikuwa darasani.

Saksofoni katika dansi huleta shida ya aina hiyo kwa kiasi kidogo zaidi. Upumuaji wake na jinsi noti zake zinavyopinda hukaribia sauti ya mtu, na mara kwa mara utaikuta imehamia kwenye faili la mwimbaji.

Sehemu ya pili inayositisha haitoki kwa wanamuziki kabisa, inatoka kwenye faili. Wimbo uliokuja kwa MP3 umepunguzwa ukubwa kwa ujanja: programu iliyoubana ilitupa sauti ndogo ambazo sikio halingezisikia kwa sababu sauti kubwa zaidi ilikuwa inazifunika. Na sauti kubwa kwenye wimbo ni ipi? Mara nyingi ni mwimbaji. Kwa hiyo nyuma yake, wakati anaimba, sehemu za gita na matoazi zilitupwa kweli kweli. Ukiusikiliza wimbo mzima hukosi kitu, kwa kuwa mwimbaji amesimama juu ya shimo. Mwondoe, na shimo limebaki wazi. Hakuna programu itakayolijaza, kwani kilichokuwemo hakipo tena ndani ya faili. Wimbo uliopita simu kwa simu, kila mara ukibanwa upya, una mashimo juu ya mashimo. Ndiyo maana dakika kumi za kutafuta CD au faili la WAV hukupa faida kuliko kujaribu programu tano tofauti juu ya faili bovu.

Sasa tuchukue wimbo mmoja tuufanyie kazi mpaka mwisho. Tuseme ni wimbo wa dansi wa dakika sita hivi: mwimbaji mkuu mmoja, waitikiaji, gita la solo na la ridhimu, besi, dramu, tumba, saksofoni na tarumbeta. Sehemu ya kwanza ina beti na viitikio, ya pili ni chemko, magita yanakwenda mbio na waimbaji wanapaza maneno machache. Tumeupata katika WAV kutoka CD. Tumefanya kipimo cha kutoa, tumepata mvumo tu, hivyo ni mono. Njia ya zamani imefungwa na tunakwenda kwenye Demucs. Katika kompyuta iliyokwisha kuwekewa programu hiyo, amri ni moja:

```
demucs --two-stems=vocals wimbo.wav
```

Kompyuta ya kawaida isiyo na kadi kubwa ya michoro huweza kutumia muda unaozidi urefu wa wimbo wenyewe, kwa hiyo iache ifanye kazi. Ikimaliza utakuta folda `separated/htdemucs/wimbo` yenye mafaili mawili: `vocals.wav`, yaani sauti, na `no_vocals.wav`, yaani muziki. Asiyetaka kuandika amri anaweza kutumia Ultimate Vocal Remover, programu ya bure yenye vitufe ambayo ndani yake ina Demucs na nyinginezo.

Wengi hapo hukimbilia faili la muziki. Mimi ningekushauri uanze na faili la sauti, tena kwa hedifoni, kwa sababu ndilo linalosema ukweli. Chochote kisicho sauti ya mtu unachokisikia humo kimeibiwa kwenye biti yako. Katika wimbo wetu, beti zinatoka safi: mwimbaji peke yake, na vitone vya tumba kila anapotamka neno lenye konsonanti ngumu. Herufi kama s, sh na f zimekuja na mkwaruzo wa matoazi, kwa kuwa zote ni mvumo mwembamba wa juu usio na noti, na programu hukosea kuzitenga. Kwenye kipande cha saksofoni, katikati ya wimbo, faili la sauti linapaswa kuwa kimya, lakini saksofoni imo, inaingia na kutoka. Ukigeukia faili la muziki utaikuta ina mapengo mahali pale pale.

Pengo hilo linatibika kwa urahisi. Katika kipande cha saksofoni hakuna anayeimba, kwa hiyo hakuna sababu ya kutumia matokeo ya programu. Fungua wimbo asili na `no_vocals.wav` kwenye Audacity, mmoja juu ya mwingine. Urefu wao ni mmoja, kwa hiyo vinapangana vyenyewe. Kata kipande cha ala tupu kutoka kwenye wimbo asili, kiweke badala ya kile chenye mapengo, na kwenye maungio weka mfifio mfupi ili usisikie mkato. Ni sheria ninayoishika kwa kila wimbo: programu itumike pale tu mtu anapoimba, kwingine kote tumia rekodi halisi.

Tatizo kubwa zaidi la wimbo wetu ni kiitikio. Programu imefunzwa kutoa sauti za watu, na imezitoa zote. Waitikiaji wamekwenda pamoja na kiongozi wao. Kwa wimbo wa mtu mmoja hilo si neno, lakini muziki wetu umejengwa juu ya kuita na kuitikiwa, na mwimbaji anayefanya mazoezi bila waitikiaji anaimba nusu ya mazungumzo. Pale ambapo waitikiaji wanaingia baada ya kiongozi kunyamaza, tiba ni ile ile ya kurudisha kipande cha wimbo asili. Pale ambapo wanaimba juu yake, hali ni ngumu. Ndani ya Ultimate Vocal Remover zipo njia zilizotengenezwa kwa karaoke, zinazojaribu kumtoa kiongozi na kuwaacha waitikiaji. Husaidia katika nyimbo za Bongo Fleva, ambako kiongozi kakaa katikati na waitikiaji wametandazwa pembeni. Katika mono yetu wote wamesimama mahali pamoja, na kiongozi na mwitikiaji wakiimba neno moja kwa wakati mmoja, programu huwachanganya, silabi hii huyu, silabi ile yule. Kwa sehemu hiyo ni heri kuwatafuta wenzako wawili wakaimba kiitikio nawe ukawarekodi.

Na kwenye chemko? Huko matokeo yanakuwa mazuri kuliko mtu anavyotarajia. Maneno ni machache na mafupi, magita yana mlio mkali unaotofautiana na koo la mtu, na shughuli ni nyingi kiasi kwamba kasoro ndogo humezwa.

Huenda wimbo uliorekodiwa na mwimbaji wa sauti ya juu haukukai kooni. Kushusha ki kwa nusu toni mbili au tatu kunawezekana kwa `Change Pitch` ya Audacity, ila fanya baada ya kutenganisha, kamwe si kabla, kwa sababu sauti iliyokwisha kushushwa kimitambo haifanani tena na zile programu ilizofunzwa nazo. Tena ukiendesha Demucs bila ile sehemu ya `--two-stems`, itakupa mafaili manne: sauti, dramu, besi na vinginevyo. Shusha besi na vinginevyo tu, dramu iache ilivyo. Dramu haina ki ya kushusha, na ukiigusa hulegea ikapoteza kishindo. Kisha unganisha.

Kuhusu kutumia biti hiyo nje ya nyumba: kumtoa mwimbaji hakukupi haki yoyote juu ya wimbo. Utunzi una mwenyewe na rekodi ina mwenyewe. Mazoezi chumbani ni jambo moja, lakini kuiweka mtandaoni au kuipigia ukumbini kwa kiingilio kunahitaji ruhusa, na Tanzania ofisi ya kuuliza ni COSOTA, Kenya ni KECOBO.

Imebaki kuimba. Biti iliyotoka hivi haitakuwa na ukimya kamili mahali pa mwimbaji. Kuna mkia wa mwangwi, kuna kivuli cha irabu ndefu. Kwa onyesho hilo ni doa, kwa mazoezi laweza kuwa msaada, mradi ulitawale mwenyewe. Weka faili la sauti na la muziki pamoja kwenye Audacity, na ushushe la sauti kwa desibeli 12, yaani libaki na robo hivi ya kimo cha mawimbi yake. Imba juu yake mpaka maneno na mapinduko yakae. Kisha lishushe hadi 20, halafu lizime.

Hapo ndipo panapotokea jambo ambalo wanafunzi wa kuimba hawalioni mpaka wasimame na bendi. Hata faili la sauti likiwa limezimwa, ndani ya faili la muziki mara nyingi imebaki pumzi ya mwimbaji, ule mvuto mfupi wa hewa kabla ya ubeti. Pumzi ni mvumo usio na noti, na programu huiona kama toazi, ikaiacha. Wewe unaisikia bila kujua kwamba unaisikia, na kila mara unaingia kwa wakati wake. Unadhani umeyajua maingilio, kumbe unapewa ishara. Siku ya bendi halisi hakuna wa kuvuta pumzi kabla yako, na ubeti wa pili unakupita.

Kipimo chake ni rahisi. Tafuta kwenye `no_vocals.wav` sekunde moja kabla ya kila ubeti, hasa ule unaokuja baada ya kipande kirefu cha saksofoni, na uinyamazishe kabisa. Muziki utakatika kwa sekunde hiyo, nawe hesabu mapigo kichwani na uingie. Jirekodi kwa simu. Ukisikiliza na kukuta umeangukia pale pale ambapo ngoma inarudi, ubeti huo umeshika. Ukiwa umechelewa hata nusu ya pigo, rudisha faili la sauti kwenye desibeli 12 na usikilize tena gita la ridhimu linafanya nini katika hatua mbili kabla ya ubeti, kwa kuwa siku ya onyesho ni gita hilo litakalokuingiza.